Barua kwa mkimbiaji mpya: kwa nini nakuambia upunguze mwendo

Mdogo wangu,

Juzi uliniuliza: "Kocha, wazee wananipita ufukweni, hizi ni mbio kweli?" Ndiyo, ni mbio. Kumbuka mwezi ule ulipoanza peke yako: ulikimbia kilomita tano kutoka uShaka kuelekea mlango wa mto Umgeni kwa dakika 29, ukahema mpaka ukashika magoti. Wiki ya pili mfupa wa muundi ukauma, ukalala ndani siku kumi.

Sasa nikueleze kinachoendelea mwilini ukienda polepole.

Kwanza ni moyo. Ukiwa umepumzika, tuseme moyo wako unapiga mara 70 kwa dakika, kila pigo likisukuma mililita 70 za damu. Hiyo ni karibu lita tano. Mwendo mwepesi tayari unakijaza chumba cha kushoto cha moyo karibu kabisa, na damu hiyo inakitanua taratibu, dakika baada ya dakika. Kila pigo likifika mililita 85, lita zile zile zitapatikana kwa mapigo 58 tu. Moyo utafanya kazi ile ile kwa mapigo machache.

Pili ni misuli. Mbio nyepesi hutumia zaidi nyuzi za misuli zisizochoka haraka. Kadiri zinavyofanya kazi kwa muda mrefu, mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka kuzizunguka, na ndani yake huongezeka mitokondria, yale majiko madogo yanayochoma mafuta na sukari kwa kutumia oksijeni. Mabadiliko haya huja kwa dakika nyingi zinazorudiwa wiki baada ya wiki. Ukikimbia kwa nguvu kila siku, utachoka kabla dakika hizo hazijatosha. Isitoshe, mifupa na kano huimarika polepole kuliko pumzi, ndiyo maana muundi ulilalamika.

Kwa hiyo, wiki nane zijazo kimbia mara nne kwa wiki, dakika 30 hadi 40. Kipimo ni mdomo: uweze kuniambia sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa, tembea kidogo. Usiiamini sana saa ya mkononi, maana joto na unyevu wa Durban mwezi wa Januari hupandisha mapigo hata kama mwendo haujabadilika. Toka alfajiri.

Kila baada ya wiki nne, rudia njia ile ile, saa ile ile, katika hali ya hewa inayofanana, ukiweza kuongea vile vile. Kama leo unatumia dakika 40 kwa kilomita tano na baadaye ukatumia 37, moyo na misuli vimejibu. Kama muda umerudi nyuma na asubuhi unaamka na mapigo ya juu kuliko kawaida, hujapumzika vya kutosha.

Mwendo huu peke yake hautakupa kasi ya mwisho. Hiyo tutaiongeza baadaye, mara moja kwa wiki, juu ya msingi huu.

Tuonane Jumanne alfajiri.

Kocha wako