Nani Analipia Vumbi? Tuulize Hela za Malalamiko Ziko Fungu Gani

Barabara ikizinduliwa tunatajiwa namba mbili: kilomita na mabilioni. Mgeni rasmi anakata utepe, ngoma zinapigwa, watu wanarudi nyumbani. Hakuna anayeuliza hela za boza la kumwagilia maji kwenye mchepuko ziko wapi. Hakuna anayeuliza nani amelipwa kupokea malalamiko ya mama ambaye nyumba yake imepata nyufa kwa sababu ya baruti za machimbo ya kokoto. Tukiuliza tunaambiwa, "Hayo yote yamo ndani ya mkataba."

Yamo kweli. Tatizo ni namna yalivyowekwa.

Kanuni zetu za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2005, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka ripoti ya tathmini iwe na mpango wa usimamizi wa mazingira. Mpango huo unaonyesha hatua za kuzuia madhara, gharama zake, muda na mhusika. Mwenye mradi ndiye anayemlipa mtaalamu wa kuandaa ripoti, ripoti inakwenda NEMC, inapitiwa, cheti kinatolewa. Hadi hapo kila kitu kina bei. Kisha inakuja zabuni, na hapo ndipo ile bei inapoyeyuka.

Mkandarasi analipwa kwa jedwali la kazi na bei: mita za ujazo za kifusi, tani za lami, urefu wa mitaro. Mara nyingi vumbi, kelele, mashimo ya moramu na ofisa wa jamii havipewi mstari wake. Inaandikwa tu kwamba mkandarasi ahesabu gharama hizo ndani ya bei za kazi nyingine. Sasa fikirieni kidogo. Kama maji ya vumbi yamefichwa ndani ya bei ya kifusi, mkandarasi akimwaga kifusi analipwa bei nzima, awe amemwaga maji au hajamwaga. Kila boza lisilotoka ni faida yake. Na aliyeweka hela halisi za mabomba na maofisa kwenye hesabu zake anashindwa zabuni na yule aliyeandika kidogo kwa sababu anajua hatafanya. Halafu tunashangaa kwa nini wanaoshinda ndio hao hao.

Njia nyingine ipo na haina uchawi wowote. Maji yapewe mstari wake, kwa safari ya boza iliyosainiwa na msimamizi. Kufukia na kurejesha shimo la moramu kupewe bei kwa kila shimo. Huduma ambazo hatutaki zishindanishwe kwa bei ya chini, kama dawati la malalamiko au elimu ya ukatili wa kijinsia kwa wafanyakazi na vijiji, ziwekewe fungu lililotengwa pembeni, ambalo kila mzabuni analikuta limeshaandikwa kwa kiasi kile kile. Hapo hakuna wa kushinda kwa kuliminya.

Majirani zetu Uganda walijifunza hili kwa machungu. Barabara ya Kamwenge kwenda Fort Portal, kilomita 66, ilikuwa ndani ya mradi wa uchukuzi uliokopewa na Benki ya Dunia: dola milioni 190 mwaka 2009, zikaongezwa milioni 75 mwaka 2011. Wananchi wa Bigodi walilalamika mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo. Walilalamikia vumbi, ardhi na usalama barabarani, na zito kuliko yote, wafanyakazi wa ujenzi kuhusiana kimapenzi na mabinti walio chini ya umri. Desemba 2015 Benki ilifuta mradi. Mwaka uliofuata ikasitisha mikopo mipya kwa Uganda.

Angalieni ukubwa wa kilichoangusha dola milioni 265. Lami haikuwa na shida kubwa kuliko watu. Kilichokosekana ni vitu vya bei ndogo: mtu wa kusikiliza kijijini, kanuni za maadili zenye meno, msimamizi mwenye muda wa kwenda kuuliza.

Baada ya hapo Benki ilibadili nyaraka zake za mfano za zabuni mwaka 2017. Lakini hata katika mabadiliko hayo ilibaki kauli kwamba kwa kawaida gharama za mazingira na jamii zinahesabika zimo ndani ya bei nyingine, huku mwenye mradi akiruhusiwa kutenga fungu la pembeni kwa baadhi ya mambo. Anaruhusiwa. Kwa hiyo uamuzi upo mezani kwa anayeandika zabuni, yaani taasisi zetu wenyewe. Tusimsingizie mfadhili.

Tuje kwenye malalamiko, maana hapa ndipo uchoyo unapochekesha. Tuchukulie mradi wa shilingi bilioni 100 unaopita vijiji 30 kwa miezi 36. Kila kijiji kina kamati ya malalamiko ya watu watano, inakaa mara mbili kwa mwezi, posho shilingi 20,000 kwa kikao. Hiyo ni shilingi 200,000 kwa mwezi, milioni 7.2 kwa kijiji mpaka mradi uishe, milioni 216 kwa vijiji vyote. Haifiki hata robo ya asilimia moja ya mradi! Ongezeni mafuta ya pikipiki na mhandisi wa kukagua nyufa, bado ni hela ndogo.

Bila hela hiyo kamati inaundwa siku moja, inapigwa picha, basi. Wanakijiji hawawezi kuacha shamba kila wiki mbili kwa kazi ya bure ya kampuni. Mama wa nyufa anaambiwa aende kwa mkandarasi, mkandarasi anamtuma kwa msimamizi, msimamizi anasema fundi wa kukagua hana fungu. Masika inapita, ukuta unaanguka, na sasa hakuna anayeweza kuthibitisha ni baruti au mvua. Ndiyo maana nyumba zilizo karibu na machimbo zinatakiwa kupigwa picha kabla ya mlipuko wa kwanza, na kazi hiyo nayo ina bei.

Mkiona ripoti ya mradi mkubwa imeandika malalamiko sifuri, msipige makofi. Mradi wa miaka mitatu usio na mlalamikaji hata mmoja ni mradi usio na daftari.

Fidia ya ardhi ni mfuko mwingine, na kwa kawaida inatoka hazina yetu. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema ikipita miezi sita bila malipo, riba inaanza kuhesabiwa, na ikipita miaka miwili uthamini unakufa, unaanza upya. Yaani kutotenga hela mapema hakuokoi hata senti.

Wapo watakaosema haya ni masharti ya wazungu ya kutuchelewesha. Kwani vumbi linaingia kifuani mwa mzungu? Kwenye miradi ya mfadhili mwananchi ana angalau pa kupeleka barua nje ya nchi. Kwenye miradi ya hela zetu wenyewe hana, kwa hiyo huko ndiko fungu la malalamiko linahitajika zaidi.

Madiwani na wabunge wetu, zabuni inayofuata ikipita mezani kwenu, fungueni jedwali la bei kabla ya hotuba. Tafuteni mstari wa maji, wa mashimo na wa malalamiko. Kama haupo, ulizeni kwa nini. Na ukurasa wa hati ya malipo ya kila mwezi unaoonyesha mistari hiyo ubandikwe ofisi ya kijiji, ili mwenyekiti ajue mkandarasi amelipwa safari ngapi za boza mwezi ule na alinganishe na zile alizoziona zikipita.