Kila Baada ya Pikseli 5

Hoja za wanaotetea picha zinazoshukiwa kuchezewa mmeshazisikia: kwamba alama zinazodaiwa kubaki pale kipande kilichopachikwa kinapokuzwa au kuzungushwa hazithibitishi kitu. Nimezisoma hoja hizo neno kwa neno. Nazileta hapa moja moja, kwa namna ambayo wenyewe wangekubali kuwa ndivyo walivyosema, kisha nyinyi mpime.

Ya kwanza, na ndiyo wanayoitegemea zaidi, inasema pikseli jirani hufanana katika picha yoyote. Anga ni buluu kila upande, ukuta ni mweupe kila upande. Basi kugundua kwamba pikseli moja inakisiwa kutokana na jirani zake si kugundua lolote. Sehemu ya kwanza ni kweli. Hitimisho halifuati, kwa sababu mpimaji hatafuti kufanana. Anatafuta kufanana kunakorudi kwa hatua sawa. Tuchukue mstari wa pikseli 5 zenye thamani 100, 140, 120, 160 na 150, tuukuze mara 1.25. Pikseli mpya hazikuwahi kupigwa na mwanga wa kamera. Programu inazikokotoa kwa kuchanganya mbili za zamani kulingana na umbali. Ya kwanza inabaki 100. Ya pili inaangukia 0.8 ya njia kati ya 100 na 140, hivyo inakuwa 132. Zinazofuata ni 128, 136, 158, kisha 150 inarudi ilivyokuwa. Tulikuwa na thamani 5, sasa tuna 6. Hiyo ya sita haikuleta habari mpya, kwa hiyo lazima moja ya hizo ipatikane kutokana na wenzake. Ichukue ile 136. Anza na 128, toa nusu ya 132, ongeza nusu ya 158, ongeza sehemu ya kumi ya 100, toa sehemu ya kumi ya 150. Jibu ni 136 kamili. Badilisheni zile thamani 5 za mwanzo mpendavyo, na kabla ya programu kukata desimali mlingano huo hautavunjika, kwa kuwa umezaliwa na ukuzaji na si na kilichopigwa picha. Tena utajirudia kila baada ya pikseli 5, mstari hadi mstari. Anga halijui kuhesabu hadi tano.

Hicho ndicho Alin Popescu na Hany Farid walichokieleza mwaka 2005. Njia yao haihitaji kujua mapema kipande kilikuzwa mara ngapi. Inakisia uzito wa kila jirani, inapima ni pikseli zipi zinautii, inarekebisha uzito huo, na kurudia hadi makisio yatulie. Matokeo ni ramani ya uwezekano kwa kila pikseli. Ramani hiyo ikipitishwa kwenye badiliko la Fourier, mrudio wowote wa hatua sawa hujitokeza kama vilele vyenye mwanga. Kwa mfano wetu kilele kinakaa kwenye 0.2, yaani mzunguko mmoja kwa kila pikseli 5. Kipande kilichozungushwa nacho hutoa vilele, ila mahali pake panategemea pembe.

Hoja ya pili: picha zote siku hizi hubadilishwa ukubwa, na programu za ujumbe hufanya hivyo bila kumuuliza mwenye picha, kwa hiyo kila picha ina alama hizo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama shutuma ingekuwa kwamba picha ina alama. Shutuma ni kwamba sehemu moja ya picha ina alama ambazo sehemu nyingine hazina. Picha nzima ikikuzwa mara 1.5, uso, kiti na ukuta vyote vitapata mrudio wa pikseli 3. Kama uso ulikuwa umepachikwa baada ya kukuzwa mara 1.25, ule mrudio wake wa pikseli 5 hunyooshwa hadi 7.5, na ukuta haunao. Anayesema programu ya ujumbe ndiyo iliyofanya hivyo atueleze iliwezaje kuukuza uso mara mbili na ukuta mara moja.

Ya tatu inahusu JPEG, na hapa watetezi wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Katika aya moja wanasema ubanaji wa JPEG hufuta alama zote, hivyo mpimaji hawezi kuwa ameona kitu. Katika aya inayofuata wanasema vilele alivyoviona vimeletwa na JPEG. Kama kila kilichokuwepo kimefutika, ubishi wa pili unabaki peke yake. Basi tuupime huo. JPEG hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mipaka yake huacha mrudio kwenye sehemu za nane: 0.125, 0.25, 0.375 na 0.5. Kilele cha 0.2 hakimo katika orodha hiyo, wala hakiwezi kuzaliwa nayo. Isitoshe, vipande vya JPEG huenea picha nzima, si usoni tu.

Kuna mahali ambapo wana haki, nami nataka mpaka wake uwekwe wazi. Ukikuza kipande mara 2 kamili, kilele chake kinaangukia 0.5, palepale JPEG inapoweka chake. Hata kamera huweka chake hapo, kwa sababu kihisi chenye mpangilio wa Bayer hupokea rangi moja tu kwa kila pikseli na nyingine hukadiriwa kwa hatua ya 2. Mpimaji anayeleta kilele cha 0.5 peke yake hajaleta ushahidi wa kutosha. Na ni kweli kwamba ubanaji mkali hudhoofisha alama, kwa kuwa makosa ya kukata thamani huufunika ule mlingano wa 136. Lakini kudhoofika kunaeleza kwa nini kilele hakionekani. Hakuelezi kilele kinachoonekana.

Kosa hilohilo limo katika hoja ya nne. Wanawataja Matthias Kirchner na Rainer Böhme, ambao mwaka 2008 walionyesha jinsi ya kuficha alama hizi kwa kuyumbisha kidogo mahali pikseli zinapokokotolewa na kwa kutumia kichujio cha wastani wa kati. Kazi hiyo ipo na ni nzuri. Ila inamsaidia anayetaka picha yake isionyeshe kilele. Haimsaidii ambaye yake tayari imekionyesha. Tena mwaka 2010 Kirchner mwenyewe, pamoja na Jessica Fridrich, alionyesha kwamba kichujio hicho nacho huacha alama zinazotambulika.

Hoja ya mwisho hutolewa pale upimaji unapokosa kilele: basi picha ni safi. Hapana. Kipande kilichozungushwa nyuzi 90 hakikokotolewi upya, pikseli zake huhamishwa tu. Kilichopachikwa kwa ukubwa wake wa asili hakina mlingano wa kuacha. Kilichopunguzwa hadi nusu kwa kuruka pikseli moja moja kimepoteza habari badala ya kuongezewa, hivyo hakuna thamani ya sita ya kukisiwa. Katika hali zote tatu ramani itakuwa tupu na udanganyifu utakuwepo. Watu walewale wanaosema kilele hakithibitishi chochote wanataka kukosekana kwake kuthibitishe kila kitu, na hawajatoa faili ya asili kutoka kwenye kamera, ambayo ingepimwa kwa njia hiihii pikseli kwa pikseli.