Hisa ni kipande cha kampuni, bei ni makubaliano ya leo

Ndugu zetu mlioko Ghuba, hisa si tiketi ya bahati nasibu. Safaricom ina hisa kama bilioni 40. Ukiwa na moja, unamiliki kipande kimoja, na gawio likitangazwa unapata fungu lako. Mwaka 2008 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya. Mwaka uliofuata zikashuka chini ya 3, na huku M-Pesa inazidi kukua! Sababu ni kwamba bei ni pale tu muuzaji na mnunuzi wa mwisho walipokubaliana. Wengi wakitaka pesa taslimu siku moja, inashuka. Ndiyo maana tunasema, ada ya mtoto ya Januari usiinunulie hisa. Ukilazimika kuuza kwa 3, kampuni haikurudishii ile 5.