Tahadhari: Kipimo cha Kihamba Kisibadilishwe Kimyakimya

Desemba inakaribia, na Warombo walioko Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanajiandaa kupanda nyumbani. Pamoja na sikukuu kutakuwa na vikao vya ukoo. Vihamba vitagawanywa, vipande vitauzwa, na karatasi za zamani zitatolewa kwenye masanduku ili zichapwe upya. Nazungumzia hatua hiyo ya mwisho, maana madhara yake huanza bila mtu kukusudia ubaya. Karatasi inapelekwa steshenari pale Tarakea. Anayechapa anaona "ekari" au "futi", anaona ni maneno ya kizamani, anageuza kuwa hekta au mita, kisha anaiacha namba mpya peke yake. Kuanzia hapo, nakala ya mwenyekiti wa kijiji, ya benki na ya kila ndugu itabeba kipimo ambacho muuzaji na mnunuzi hawakukubaliana nacho. Baada ya miaka michache karatasi ya kwanza imeliwa na mchwa, na hakuna anayejua kwamba kuna kilichobadilika.

Huku kwetu hatari ni kubwa kwa sababu vipimo vingi vinaishi pamoja. Wajerumani walipima mashamba kwa hekta, Waingereza waliowafuata wakatumia ekari na futi, na Tanzania huru ikaingia kwenye mita. Juu ya hayo Tarakea iko mpakani. Ukivuka kwenda Loitokitok, kiwanja cha kawaida kinaitwa "50 kwa 100", na kila mtu upande huo anajua kuwa ni futi. Upande wetu kiwanja ni "20 kwa 20", na kila mtu anajua kuwa ni mita. Tatizo huanza makubaliano ya watu wa pande mbili yanapoandikwa hivyo hivyo, "kiwanja 50 kwa 100", bila neno futi wala mita. Kwa futi, kiwanja hicho ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani mita za mraba 464 na nusu. Mchapaji wa Kitanzania akikiongezea neno "mita" kwa mazoea, kinakuwa mita za mraba 5,000, zaidi ya ekari nzima na zaidi ya mara kumi ya kilichouzwa. Jirani ambaye hakuwepo kwenye mauziano atashtukia karatasi inadai hadi mlangoni kwake.

Halafu kuna "heka". Katika mazungumzo ya Watanzania wengi, heka ni ekari. Kwenye fomu za serikali kuna hekta. Mtu aliyeuza "heka mbili" ameuza takriban hekta 0.81. Karani akisoma heka kama ufupisho wa hekta, ameandika ardhi inayokaribia ekari tano. Kwa hiyo ukikutana na neno heka kwenye karatasi ya zamani, liache kama lilivyo, kisha watafute waliokuwepo waeleze walimaanisha nini, na maelezo yao yaandikwe kama maelezo, pamoja na majina na tarehe.

Ekari yenyewe nayo ina mtego. Kwa vipimo halisi ni futi za mraba 43,560, sawa na takriban mita za mraba 4,047, yaani mraba wa mita 63.6 kila upande. Lakini mashambani ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70, na hatua moja huhesabiwa kama mita. Hiyo inatoa mita za mraba 4,900. Tofauti ni mita za mraba 853, zaidi ya viwanja viwili vya 20 kwa 20. Msomi wa familia anayekuja likizo na kuona "ekari moja, hatua 70 kwa 70" anaweza kudhani anasahihisha kosa akiandika mita za mraba 4,047. Hajasahihisha kitu. Kama waliokubaliana walitembea hatua 70 kila upande na kupanda masale kwenye kona, walichouziana ni eneo hilo lililozungukwa na masale. Namba yake nzuri imempokonya mnunuzi viwanja viwili.

Nichukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme karatasi ya babu inasema kihamba kina futi 330 kwa futi 165, ekari moja na robo. Kwanza tuone kama inajikubali yenyewe: 330 mara 165 ni 54,450, na ukigawa kwa 43,560 unapata 1.25 kamili. Karatasi ni safi. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hiyo pande ni mita 100.58 na mita 50.29, na eneo ni takriban mita za mraba 5,059, au hekta 0.506.

Sasa mchapaji wa kwanza anaona 100.58 inachosha, anaandika mita 100 kwa 50. Mita za mraba 59 zimepotea. Unaweza kusema ni kidogo, ila angalia nusu yake ilipotea wapi: sentimita 29 kwenye upana, kando ya mpaka wenye urefu wa mita mia. Sentimita hizo ndizo mstari wenyewe wa masale. Karatasi mpya imeyatoa masale kwenye kihamba chako na kumpa jirani, na siku akiyang'oa atakuwa na maandishi mkononi. Mchapaji wa pili anatumia karatasi ya mchapaji wa kwanza, anaandika hekta 0.5. Wa tatu anataka ekari, anazidisha 0.5 kwa 2.5 na kupata 1.25. Namba ya babu imerudi! Atakayelinganisha ekari peke yake ataona kila kitu kiko sawa, kumbe pande zimeshafupishwa na kosa moja limefichwa na lingine. Ndiyo maana haitoshi kulinganisha eneo. Linganisha pande, na mpaka mmoja mmoja.

Kosa jingine hutokea kwenye eneo lenyewe. Mtu anachukua futi za mraba 54,450, anazidisha kwa 0.3048 mara moja, anapata mita za mraba 16,596. Futi za mraba zinahitaji kuzidishwa kwa 0.3048 mara mbili, maana kuna urefu na kuna upana. Kosa hili utalitambua hata bila kikokotoo. Hekta moja ni mita za mraba 10,000 na ni karibu ekari mbili na nusu. Kihamba cha ekari moja na robo hakiwezi kuvuka hekta moja.

Kuna tofauti moja ambayo haitokani na kugeuza vipimo, na watu wa milimani wanapaswa kuijua kabla ya kumwita mpima mwizi. Mpima ardhi huandika umbali kana kwamba ardhi imelazwa tambarare. Sisi tunaishi kwenye mteremko na tunalaza utepe juu ya udongo. Kwenye mteremko wa nyuzi 15, mita 100 za utepe huwa kama mita 96.6 kwenye ramani. Hakuna aliyeiba mita 3.4. Ila kosa litakuwepo kama mtu ataifuta 100 ya karatasi ya zamani na kuweka 96.6 bila kueleza kuwa hiki ni kipimo kipya, kilichochukuliwa kwa njia nyingine, siku nyingine.

Kwenye karatasi za ujenzi tahadhari yangu ni nukta. Mafundi wetu huandika futi 12 na inchi 10 kama "12.10". Anayechora kwa mita akiisoma kama namba ya desimali anapata futi 12.1, sawa na mita 3.69, wakati ukuta uliokusudiwa ni mita 3.91. Sentimita 22 zinatosha kufanya mbao zilizokwisha kukatwa na bati zilizokwisha kununuliwa zisilingane na msingi. Kwenye futi ziko inchi 12, kwa hiyo ukiona nukta ikifuatiwa na 10 au 11, hizo karibu hakika ni inchi. Fundi aandike kwa maneno, "futi 12 inchi 10", na mchoraji aweke mita kando yake.

Kando yake, siyo mahali pake. Kipimo cha mwanzo kinabaki kama kilivyoandikwa, pamoja na jina la kipimo, hata kama kina kasoro. Kilichogeuzwa kinafuata kikiwa kimetajwa kuwa kimegeuzwa. Kwa kihamba cha mfano wetu ningeandika hivi: "Futi 330 kwa futi 165, kama ilivyo kwenye mkataba wa awali. Imegeuzwa kuwa takriban mita 100.58 kwa mita 50.29, kwa hesabu ya futi 1 kuwa mita 0.3048." Chini yake liwepo jina la aliyegeuza na tarehe. Eneo likipimwa upya uwanjani, hicho ni kipimo cha tatu, na kinaandikwa kwa sentensi yake, ikitaja nani alipima na majirani gani walishuhudia.

Tena usiongeze uhakika ambao haukuwepo. Babu aliyekadiria kwa macho na kuandika "kama ekari moja na robo" hakupima hekta 0.50586. Andika takriban hekta 0.5 na uliache neno "kama" la babu mahali pake, kwa sababu nalo ni ushahidi.

Shauri la ardhi likifika mahakamani, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, katika Amri ya 7 kanuni ya 3, inamtaka mdai aieleze ardhi kwa kiasi cha kutosha kuitambua. Mtu mwenye karatasi mbili zenye vipimo viwili, bila maelezo ya namna kimoja kilivyozaa kingine, anaanza kesi akiwa na jeraha. Wakili wa upande wa pili hahitaji kuthibitisha ipi ni ya uongo. Inamtosha kuuliza ipi ni ya kweli. Majina ya majirani wa pande nne, mfereji, njia na masale ya kona yakiwemo kwenye karatasi zote mbili, jeraha hilo linaweza kutibika, kwa kuwa mpaka unaoonekana ardhini una nguvu kuliko hesabu ya eneo.

Nawaomba wazee wa ukoo na vijana mnaokuja likizo: kabla ya mtu yeyote kusaini Desemba hii, wekeni karatasi ya zamani na mpya mezani, someni kwa sauti mpaka kwa mpaka. Kama namba ya zamani na jina la kipimo chake havimo kwenye karatasi mpya, msisaini. Irudisheni steshenari iongezwe, na ile ya zamani mpige picha na muitunze, hata kama imechanika.