Siku 21 Zisizolingana

“Badilisha jina, piga chapa, gonga muhuri.” Ushauri huu umezoeleka mno maofisini, na kampuni nyingi za Thika na Ruiru zinazohitaji mwongozo wa wafanyakazi kwa haraka huufuata: azima wa kampuni nyingine, futa jina lao, andika lako. Wanaouamini hudhani kosa likibaki litajitokeza lenyewe. Ni kweli, CCMA, tume ya Afrika Kusini inayosuluhisha migogoro ya kazi, ikisalia katika mwongozo wa kiwanda cha Thika ulioazimwa huko, hata bawabu atacheka. Lakini kosa la kuchekesha ndilo nafuu. Linaloumiza ni lile linalofanana na ukweli. Sheria ya Afrika Kusini inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 21 mfululizo, Jumapili zikiwemo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nacho kinataja siku 21, ila ni siku za kazi, tena zisizopungua hizo. Anayekagua kiolezo huona 21, hutikisa kichwa kwa kuridhika, akapita. Sasa hesabu: fundi anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, akipewa siku 21 mfululizo, amepumzika siku 18 za kazi, zake tatu zimeliwa. Karani wa siku tano kwa wiki amepoteza sita. Yote kwa sababu ya neno moja, “mfululizo”, ambalo hakuna kompyuta ingelitafuta bila kuambiwa.

Wapo wanaojitapa kwamba wao huazima violezo vya Kenya tu. Vizuri, lakini vya mwaka gani? Mwongozo wa 2022 utakuagiza ukate NHIF kwa viwango vilivyoishia shilingi 1,700, ilhali tangu Oktoba 2024 makato ni ya SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo. Ukibadilisha herufi “NHIF” kuwa “SHA” na kuacha jedwali la zamani chini yake, umeupaka uongo rangi mpya. Kazi ya kweli ni kusimama kwenye kila tarakimu na kuuliza ni ya nini, imehesabiwaje, na kwa sheria ya lini. Kisha kwenye kila ofisi iliyotajwa na kuuliza kama mfanyakazi wa Ruiru anaweza kuifikia. Ni kazi ya siku mbili, pengine tatu, muda ambao wakubwa wengi hutumia kuchagua fremu ya “Dira na Dhamira” ya ukutani.

Halafu kuna utetezi wa kuchosha kuliko wote: eti miongozo hii haisomwi na mtu. Haisomwi, mpaka siku ya kufutwa kazi. Siku hiyo inasomwa neno kwa neno mbele ya afisa wa kazi, na mwajiri hawezi kujificha nyuma ya “mfululizo” wake, kwa kuwa kifungu cha 26 kinayafanya masharti ya sheria kuwa kiwango cha chini. Atalipa zile siku tatu za kila mwaka, huku mwongozo aliouazima bure ukiwa mezani kama ushahidi dhidi yake.