Kuziba njia si roho mbaya

Tukicheza Ticket to Ride hapa bwenini, mtu akiziba njia ya mwenzake huitwa mchawi. Wanaolalamika wana hoja moja: mchezo ni wa kujenga, basi kila mtu ajenge yake. Siikubali. Kwenye ramani ya kwanza ya Alan R. Moon, ya Marekani, mkiwa wawili au watatu kanuni inaruhusu itumike reli moja tu palipochorwa mbili. Uhaba wa njia umewekwa makusudi.

Ila hata wazibaji wengi hawajui wanachokifanya. Chukulia mko wawili. Mwenzako ameshajenga Los Angeles hadi El Paso, El Paso hadi Houston, na New Orleans hadi Miami. Tiketi yake ameificha, lakini umbo hilo linanong'ona: Los Angeles–Miami, pointi 20. Amebakiza Houston–New Orleans, behewa mbili za kijivu, kwa hiyo kadi mbili za rangi yoyote moja zinatosha. Wewe unazo hizo mbili, na pia nyeupe sita za Calgary–Winnipeg, zenye pointi 15.

Wengi watasema 15 ni nyingi kuliko 2, wakaenda Calgary. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu kama mwenzako haitaki Calgary na mchezo hauko ukingoni, zile 15 utazikuta zamu ijayo. Houston hutaikuta. Unacholipa kwa kuziba ni zamu moja na behewa mbili.

Anachopoteza yeye kinategemea behewa alizobakiza, na hapa ndipo wazibaji wa mapema wanapochekesha. Akiwa nazo 20, atapinda Houston–Dallas, Dallas–Little Rock, Little Rock–New Orleans: behewa 1, 2 na 3. Njia hizo zinampa pointi 7 badala ya 2! Umemchelewesha zamu kama nne hivi, kwa kuwa anahitaji kadi nne zaidi na kujenga mara tatu badala ya moja, lakini pia umemzawadia pointi tano.

Akiwa na behewa tano, mambo ni mengine kabisa. Mzunguko unataka sita. Tiketi haikamiliki, na tiketi isiyokamilika hukatwa: badala ya kuongeza 20 anapunguza 20, tofauti ya pointi 40 kwa kadi zako mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuziba, hesabu behewa zake (ziko mezani, si siri), kisha angalia kama ana reli ya zamani pale Dallas–Little Rock. Akiwa nayo, mzunguko unabaki behewa nne tu, na wewe nenda zako Calgary.

Asiyeweza kuvumilia haya acheze toleo la Ulaya la 2005. Kule kuna stesheni tatu kwa kila mchezaji, na stesheni moja inakuruhusu kupita kwenye reli ya aliyekuziba.