Thamosi ya shilingi 390 haifiki Lodwar kwa shilingi 390

Wafanyabiashara wengi wa Lodwar na Kakuma wanaotuuliza mambo ya bei huanza hivi: "Nimenunua kwa dola tatu, nikiuza mara mbili si niko sawa?" Swali ni zuri, lakini jibu letu ni hapana. Mara mbili ya bei ya kiwandani inaonekana faida kubwa ukiwa umekaa na simu mkononi unaongea na muuzaji wa Guangzhou. Mzigo ukifika dukani, hiyo mara mbili inaweza kuwa hasara, na hutaijua mpaka pesa ya kuagiza mzigo wa pili ikose.

Wacha tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja mwenye duka la vyombo Lodwar anaagiza thamosi 1,200 za lita moja, zile zenye kioo ndani. Zinakuja katoni 100, kila katoni thamosi 12. Bei ni dola 3 kwa moja. Tukibadilisha dola kwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 390 kila moja. Gharama za bandari, lori na kazi tutakazotaja ni za mfano, wewe utaweka za kwako. Viwango vya kodi ndivyo vinavyotumika Kenya wakati tunaandika haya, isipokuwa ushuru wa forodha wenyewe, ambao unategemea aina ya bidhaa. Hapa tumeweka asilimia 25. Kabla hujatuma hata senti, muulize ajenti wako wa kliaringi bidhaa yako inaingia kwa namba gani ya forodha, maana namba hiyo ndiyo inayoamua asilimia.

Thamosi zenyewe ni dola 3,600. Zinachukua nafasi ya mita 6 za ujazo, kwa hivyo huyu mama halipii kontena zima. Analipia nafasi yake ndani ya kontena la watu wengi. Tuseme meli ni dola 600 na bima dola 50. Jumla inakuwa dola 4,250, yaani shilingi 552,500. Hii ndiyo thamani ambayo forodha huiita CIF: bidhaa, bima na nauli ya meli mpaka Mombasa. Hapa ndipo wengi hukosea mara ya kwanza. Wanapiga ushuru kwa bei ya kiwandani peke yake, kumbe KRA inapiga kwa hiyo thamani yote, nauli ya meli ikiwemo.

Asilimia 25 ya 552,500 ni 138,125. Ada ya tamko la uagizaji, ile inayoandikwa IDF, ni asilimia 2.5, na ushuru wa reli ni asilimia 2. Hizo mbili zinakaribia 24,900. Halafu VAT ya asilimia 16, ambayo haipigwi kwa thamani ya mzigo tu. Inapigwa kwa thamani ukijumlisha na ushuru wa forodha, kwa hivyo inakuwa 110,500. Kodi zote pamoja ni kama 273,500. Mzigo sasa umefika shilingi 826,000 na bado uko Mombasa.

Kuhusu VAT tuseme kidogo. Kama hujasajiliwa VAT, hiyo 110,500 haitarudi, ni gharama kama nauli. Kama umesajiliwa, unaweza kuidai, lakini utaongeza asilimia 16 kwa bei ya kuuzia na kuipeleka kwa serikali. Anayeuza bidhaa za kutozwa VAT za shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka analazimika kujisajili. Huyu mama wetu hajafika hapo, kwa hivyo tunaiacha ndani.

Bandarini kuna malipo mengi madogo madogo, na ndiyo watu huyasahau kwa sababu hulipwa moja moja, leo hili, kesho lile. Tumeweka cheti cha ukaguzi wa ubora 35,000, kushusha na kutenganisha mzigo ghalani pamoja na hati ya kuutoa 38,000, na ajenti 25,000. Halafu kuna siku. Mzigo hupewa siku chache za bure, zikiisha unalipia kila siku unayolala. Huyu mama alichelewa siku sita kwa sababu uzito kwenye invoisi na uzito kwenye karatasi za meli havikulingana, ikabidi zirekebishwe. Shilingi 1,500 kwa siku, siku sita ni 9,000. Si pesa nyingi, lakini haikuwa kwenye hesabu yake kabisa. Sisi tunashauri kila mzigo uwekewe siku za kuchelewa tangu mwanzo, hata kama ajenti amekuapia zitakuwa sifuri.

Kutoka Mombasa ni barabara ndefu. Nairobi, Kitale, halafu Kapenguria, kuteremka Marich, Kainuk, Lokichar, ndipo Lodwar. Katoni zinapakiwa Mombasa, zinahamishwa lori njiani, zinashushwa Lodwar. Nauli tumeweka 450 kwa katoni, na vijana wa kubeba 20 kwa katoni kila mara, mara tatu. Jumla 51,000. Ada ya benki ya kutuma dola, pamoja na ada za kutuma pesa kwa simu kwa ajenti, dereva na wabebaji, ni 6,000. Ndiyo, hata ada zetu sisi ziweke. Ni pesa imetoka kwako kwa ajili ya huu mzigo.

Jumla yote sasa ni shilingi 990,000. Ukigawanya kwa 1,200 unapata 825. Wengi wanasimama hapo, wanashukuru Mungu na kuandika bei. Sisi tunasema bado, kwa sababu thamosi 1,200 zilinunuliwa, lakini zilizofika nzima si 1,200.

Kioo cha thamosi ni kuta mbili zilizotolewa hewa katikati, na chini kina kichonge kidogo mahali hewa ilipofungiwa. Barabara ikitingisha, kioo kinaweza kuvunjika chote, na hiyo utaisikia ukitikisa: inalia kama kokoto. Lakini wakati mwingine ni kile kichonge peke yake kimepata ufa. Hewa imeingia, kioo kimesimama, ukitikisa haisemi kitu. Hiyo utaiweka shelfu, mteja ataenda nayo nyumbani, na jioni chai itakuwa baridi. Namna ya kuijua ni kumimina maji ya moto na kusubiri dakika kumi. Ukishika nje kwa mkono ukasikia joto, hewa imeingia. Huwezi kupima zote, lakini toa mbili kwa kila katoni, na katoni iliyobonyea pima zote.

Mama wetu akakuta 48 zimekufa kabisa na 24 zimebonyea mwili au zimevunjika kifuniko lakini kioo ni kizima. Hizo 24 akaziuza 400 kila moja, akapata 9,600. Nzima ni 1,128. Sasa hesabu ya kweli: 990,000 ukitoa 9,600 inabaki 980,400, gawanya kwa 1,128. Unapata shilingi 869.

Rudi kwa wazo la kwanza. Mara mbili ya 390 ni 780. Angeuza kwa 780, kila thamosi ingemtoa mfukoni shilingi 89, na kwa thamosi 1,128 hiyo ni zaidi ya shilingi 100,000. Na dukani angeonekana anauza sana.

Sasa Kakuma. Ni kama kilomita 120 mbele, na kwa mtu wa Lodwar inaonekana ni jirani. Kuna wanaouza bei moja Lodwar, Kakuma mjini na Kalobeyei ili wateja wasilalamike. Tunaelewa, lakini piga hesabu kwanza. Nauli ya shilingi 100 kwa katoni ni kama shilingi 8.30 kwa thamosi, ndogo. Kinachouma ni kuvunjika. Katoni inapakiwa tena na kushushwa tena, na moja katika kila 24 ikivunjika, gharama ya zile 23 zilizobaki inapanda mpaka kama 916. Huyu mama anahitaji shilingi 130 juu ya kila thamosi kwa kodi ya duka, mshahara wa kijana na faida. Lodwar atauza 1,000. Kakuma akiuza 1,000, zile 130 zinabaki 84, kwa hivyo bei ya huko ni 1,050. Mvua ikinyesha na laga zikijaa, lori likilala njiani siku mbili, ongeza tena.

Kuna wanaotujibu kwamba soko ndilo linapanga bei, si hesabu ya daftari. Ni kweli. Kakuma kuna maduka mengi na watu wanaopeana mzigo moja kwa moja kutoka Eastleigh. Wakiuza thamosi kama hiyo 850, hutaweza kuuza 1,050 kwa sababu daftari limesema. Lakini ndiyo maana hesabu hii inafanywa mara mbili. Ya kwanza ni kabla ya kutuma dipoziti, kwa makadirio, na ikiwa Kakuma inauza 850 basi mzigo huo usiagize, au nunua jumla Eastleigh ulipie nauli tu. Ya pili ni mzigo ukifika, kwa risiti, kabla karatasi ya bei haijabandikwa.

Ukinunua nafasi kwa wale wakusanya mizigo wa Eastleigh wanaotoza bei moja ya kila kitu kwa mita ya ujazo, hesabu inakuwa rahisi zaidi, ila uliza kama karatasi za forodha zitatoka kwa jina lako. Zisipotoka, huwezi kudai VAT, na ukisimamishwa njiani huna cha kuonyesha.

Na kama kwenye mzigo huo kuna kava za simu pia, usigawe gharama kwa idadi ya vitu. Nauli ya meli na lori gawa kwa nafasi iliyochukuliwa, ushuru gawa kwa thamani, na kuvunjika iachie thamosi peke yake. Ukigawa sawa kwa kila kitu, kava moja itabebeshwa nauli ya thamosi nzima. Utaiuza ghali ikose mnunuzi, huku thamosi zikionekana rahisi kuliko zilivyo.

Upande wa simu, ukilipa ajenti, dereva au wabebaji, lipa kutoka laini moja ya biashara na uandike jina la mzigo pale kwa maelezo kama huduma yako inaruhusu. Mwisho wa mzigo omba taarifa ya miamala ya tarehe hizo na uisome pamoja na risiti za bandari na benki. Halafu wiki mbili baada ya kuanza kuuza, hesabu thamosi ambazo wateja wamerudisha kwa sababu chai imepoa. Ziongeze kwa zilizovunjika, gawanya upya, na hiyo ndiyo asilimia ya hasara utakayotumia kukadiria mzigo unaofuata.